Saa haisikii amri? Itazame skrini kabla ya kurudia maneno

Kisaidizi cha sauti cha saa kikikataa kufanya kazi, wengi wetu husema tu kwamba hakisikii, kisha tunapaza sauti. Kupaza sauti hakusaidii, kwa sababu neno hilo moja linafunika hitilafu mbili tofauti. Huenda sauti haifiki kabisa kwenye programu, au inafika lakini inasikilizwa kama lugha nyingine. Skrini ya saa itakuonyesha ni ipi, ukijua cha kutazama.

Usianze kwa kukiita kisaidizi kwa jina. Wito una msikilizaji wake wa pembeni, ambaye anaweza kuwa amezimwa, au amelala pamoja na skrini ili kuokoa chaji. Bonyeza na ushikilie kitufe kinachokifungua, kisha sema amri fupi. Kikiitika hapo, tatizo ni la wito tu. Kisipoitika, tazama alama ya kusikiliza. Ikiwa imetulia tuli na hakuna neno linaloandikwa, sauti haifiki. Ikiwa inachezacheza halafu yanatokea maneno ya ajabu, sauti imefika na lugha ndiyo ya kutiliwa shaka.

Saa ya dada yangu ilikuwa na hitilafu zote mbili kwa pamoja, ndiyo maana ilimchosha sana. Alishaamini maikrofoni imekufa. Nikamwambia afungue kinasa sauti cha saa hiyohiyo, aseme maneno machache, kisha asikilize. Sauti yake ikatoka safi. (Kama ingetoka kwa mbali, kana kwamba amefunikwa blanketi, ningeshuku maji au uchafu kwenye tundu la maikrofoni. Hapo futa kwa kitambaa laini na uache pakauke. Tafadhali usichokonoe kwa pini.)

"Sasa kaka, kama maikrofoni ni nzima, mbona haisikii?" akauliza.

Ni kwa sababu kila programu inaomba ruhusa yake. Kinasa sauti kilikuwa nayo, kisaidizi hakikuwa nayo. Kwenye saa za Wear OS, mfumo wa saa uliojengwa juu ya Android, ingia Settings, kisha sehemu ya programu, chagua programu ya kisaidizi, halafu Permissions, halafu Microphone. Majina ya hatua za katikati hutofautiana kidogo kati ya saa na saa. Tulikuta ruhusa imekataliwa, tukairuhusu na kuiwasha saa upya.

Dada alishangaa kwamba hakuwahi kuulizwa. Inawezekana aliulizwa. Kuanzia Android 11, ukikataa ruhusa ileile mara mbili, mfumo unachukulia kwamba hutaki kuulizwa tena, na kidirisha cha kuomba hakirudi. Kwenye skrini ndogo ya mkononi, kidole kinagusa kitufe kisichokusudiwa kwa urahisi sana. Baada ya hapo programu inabaki bila ruhusa na hakuna kitu kinachokukumbusha. Jambo jingine linalowapotosha watu ni kwamba ruhusa ya simu na ya saa ni mbili tofauti. Kuona maikrofoni imeruhusiwa kwenye simu hakukwambii lolote kuhusu saa.

Ruhusa ilipopatikana, alama ikaanza kucheza. Dada akaomba kwa Kiingereza kipima muda cha dakika 10, na skrini ikaandika maneno ya Kifaransa yasiyo na maana. Hapo nilifurahi, maana tulishajua maikrofoni, ruhusa na programu vyote vinafanya kazi. Lugha ya kisaidizi ilikuwa imewekwa Kifaransa, ambacho dada hukitumia kazini. Menyu za saa zilikuwa za Kiingereza, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kushuku, lakini lugha ya menyu na lugha ya kisaidizi huweza kuwa mipangilio miwili. Ya kisaidizi tuliipata kwenye simu, ndani ya mipangilio ya kisaidizi chenyewe. Tukachagua Kiingereza, na kipima muda kikaanza.

Ukiwa unatumia simu kwa Kiswahili, jambo hili likuguse zaidi. Menyu kuwa za Kiswahili hakumaanishi kwamba kisaidizi kinaelewa amri za Kiswahili. Hata kibodi inayoandika Kiswahili unachotamka si ushahidi, kwa sababu kuandika kwa sauti ni huduma nyingine. Fungua orodha ya lugha za kisaidizi uone kama Kiswahili kimo. Kama hakimo, chagua lugha iliyomo unayoizungumza vizuri, na uitumie hiyo kutoa amri.

Maneno yakiandikwa sawasawa lakini jibu lisije, acha ruhusa na lugha, kagua intaneti na muunganisho wa saa na simu. Kuifuta saa yote na kuiunganisha upya kuwe hatua ya mwisho kabisa, kwa sababu kunaondoa programu na mipangilio uliyoweka, na ruhusa utaombwa upya kwenye skrini ileile ndogo.