Premio au Probox kwa kubeba kinanda na spika?

"Wakuu, napiga kinanda kwenye harusi. Nina kinanda cha funguo 88 na spika mbili za inchi 15. Nichukue Premio au Probox?"

Mkuu, chukua Probox. Buti la Premio ni kubwa kwa masanduku ya nguo, lakini spika haipiti kwa ukubwa wa buti, inapita kwa ukubwa wa mdomo wake. Kata boksi lenye vipimo vya spika yako, nenda nalo yadi, ulipitishe mlangoni. Kinanda kikiwa ndani ya kasha kinakaribia mita moja na nusu, kwa hiyo pima pia sakafu siti za nyuma zikiwa zimelazwa.

Kisha angalia kimo cha kupakilia. Spika ya kilo 20 kwenye Premio unainyanyua juu ya kingo, halafu unaishusha ndani ukiwa umeinama, na hapo ndipo mgongo wangu ulipoumia. Kwenye Probox sakafu iko karibu sawa na kizingiti: unaegemeza ukingo wa spika, unaisukuma.

Udhaifu wa Probox ni vioo, kila kitu kinaonekana. Tandika kitambaa cheusi juu ya mizigo, na ukisimama kula, egesha mlango wa nyuma ukibana ukuta. Funika kabla hujaondoka nyumbani, maana ukifunika pale unapoegesha, anayekutazama ameshajua kilichomo. Spika zikae chini, zikigusa migongo ya siti, zifungwe kwa mikanda. Breki ya ghafla huzirusha mbele.