Mia sabini na tano ya JKT: kwa wadadisi mnaoanza kupima kimo

Wiki ya kwanza kazini mtakutana na swali moja ambalo kila mtu hulidharau: "Una urefu gani bila viatu?" Mhojiwa anajibu, unaandika, kisha baadaye unamsimamisha kwenye ubao na kupata namba nyingine. Karibu kila mdadisi mpya niliyemsimamia huishia kusema wanaume wa mtaa fulani ni waongo. Sipendi neno hilo, na nitawaeleza kwa kisa cha mzee mmoja wa Tanga.

Alikuwa na miaka 58, mwalimu mstaafu. Alijibu bila kusita: sentimita 175. Ubao ulisoma 171.6. Tofauti ya sentimita 3.4 si ndogo, na mdadisi wangu alikuwa ameshaanza kucheka chini chini. Nikamwambia amuulize mzee hiyo 175 ameitoa wapi. Akasema alipimwa JKT, akiwa kijana aliyetoka kidato cha sita.

Hapo ndipo hesabu inapoanza kueleweka. Binadamu huanza kupungua kimo taratibu tangu miaka ya arobaini hivi, kwa sababu vile visahani laini kati ya pingili za uti wa mgongo hunywea, na mgongo nao hujipinda kidogo. Mwanaume akifika 70 huwa amepoteza takriban sentimita 3, mwanamke takriban 5, kwa kuwa mifupa ya wanawake hudhoofika zaidi baada ya hedhi kukoma. Kwa hiyo mzee wetu alikuwa amepoteza sehemu ya zile 3.4 kihalali kabisa, bila kumdanganya mtu. Sehemu nyingine ni saa: tulimpima saa kumi jioni, na mtu aliyeshinda amesimama huwa mfupi kwa sentimita 1 hivi kuliko alivyoamka. Kinachobaki baada ya hapo ni kidogo, na huenda pale JKT alipimwa na buti miguuni. Mzee hakudanganya. Alitoa jibu la kweli la mwaka ambao umeshapita.

Wapo wanaoongeza kwa kupenda, sikatai. Kijana anayejua kwamba ana 168 husema 170, kwa sababu 170 inasikika vizuri na ni rahisi kutamka. Wanaohesabu kwa futi hufanya vivyo hivyo: futi tano na inchi kumi na moja na nusu haikai muda mrefu bila kugeuka futi sita. Tafiti za nchi nyingi zinaonyesha mwelekeo uleule: wanaume huongeza kwa wastani sentimita 1 hadi 2, wanawake chini ya hapo, na pengo hukua kadiri umri unavyosogea. Wanaume wafupi huongeza zaidi kuliko warefu. Marekani wana utafiti wa afya uitwao NHANES ambao huwauliza watu kimo chao nyumbani, kisha huwapima kwenye kliniki ya kuhamahama iliyo ndani ya matrela; mengi tunayoyajua kuhusu pengo hili yametokana na kulinganisha namba hizo mbili za mtu yuleyule.

Huku kwetu kuna jambo la ziada: wengi hawajawahi kupimwa ukubwani. Mtu akikutazama juu chini kisha akasema "labda kama wewe", hilo ni kisio tu. Usimbane mpaka akupe namba. Kwenye dodoso kuna kisanduku cha "sijui", kitumie.

Kwa nini tunahangaikia sentimita tatu? Mzee alikuwa na kilo 89. Uwiano wa uzito na kimo hupatikana kwa kugawanya kilo kwa kimo cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Kwa kimo chake cha mdomoni unapata 29.1, yaani uzito uliozidi. Kwa kimo cha ubao unapata 30.2, na mpaka wa unene uliokithiri ni 30. Mtu yuleyule, siku ileile, amehama kundi. Kwa sababu kimo kinazidishwa kwa chenyewe, kosa dogo hukua. Na ukikumbuka kwamba watu hupenda pia kupunguza kilo wanapoulizwa, makosa mawili yanasukuma upande mmoja.

Sasa kazi yenyewe. Uliza kwanza, pima baadaye, kila mara. Na usimwambie mtu mwanzoni kwamba utampima, kwa kuwa ajuaye kwamba ubao unakuja hujirekebisha. Wakati wa kupima: viatu vivuliwe, na kilemba pia, kwa nywele zilizosukwa juu, mwombe mama azishushe au azitenganishe mpaka ubao wa kichwa uguse fuvu. Visigino, makalio na mabega viguse ubao. Macho yatazame mbele, ukingo wa chini wa tundu la jicho uwe sawa na tundu la sikio. Wengi huinua kidevu ili waonekane warefu, lakini hilo kwa kweli huwafupisha. Avute pumzi, usome namba macho yako yakiwa usawa wake. Pima mara mbili. Zikitofautiana zaidi ya nusu sentimita, pima mara ya tatu.

Kosa lililonitia aibu zaidi lilitokea kambi moja miaka ya nyuma. Karatasi za mdadisi mmoja zilionyesha tofauti ya sifuri kwa watu kumi na wanne mfululizo. Nilimsifu kwa kuwa makini kabla sijafikiri. Watu kumi na wanne hawawezi kukijua kimo chao mpaka milimita. Alikuwa anarudi kufuta jibu la mdomoni baada ya kupima, akidhani anasahihisha. Zile fomu tulizitupa zote. Tangu hapo nikipokea karatasi naanza na tarakimu ya mwisho. Majibu ya mdomoni yanapaswa kurundikana kwenye 0 na 5, kwa kuwa ndivyo watu wanavyokadiria. Vipimo vya ubao havipaswi kurundikana popote. Vikijaa .0 na .5, mdadisi anasoma kwa macho ya mbali.

Ishara nyingine: ikiwa kila mtu, kijana na mzee, mke na mume, "ameongeza" sentimita 2 zilezile, usiwashuku watu, shuku ubao. Mara nyingi umewekwa juu ya mkeka au zulia nene linalobonyea, au umeungwa vibaya. Kwa hiyo kila asubuhi tunaukagua kwa fimbo ya sentimita 150.

Na msikubali ushauri wa kupunguza sentimita 2 kwa kila jibu la mdomoni pale ubao usipokuwepo. Utamfupisha binti wa miaka 25 aliyesema kweli, na utamwachia mzee wa 70 nusu ya ziada yake. Afadhali kupima sehemu ya wahojiwa wa eneo hilohilo, ukatengeneza sahihisho la kila jinsia na kila rika.

Mzee wa Tanga hakuridhika. "Ubao wenu ndio mfupi," alisema. Nikaleta fimbo mbele yake, tukaisimamisha, ikasoma 150.0. Akaitazama muda mrefu, kisha akasema, "Basi andikeni zote mbili." Nikamwonyesha karatasi. Zilikuwa zimeshaandikwa zote mbili.