Kadi inadai namba ya siri, simu inapita: mashine mbovu?

Swali: Habari mtaalamu. Mimi ni keshia wa supamaketi hapa Mikocheni. Mteja akigusisha kadi kwa manunuzi madogo inapita, yakiwa makubwa mashine inadai namba ya siri. Juzi mgeni kagusisha simu, shilingi 240,000 zikapita bila kubonyeza kitu kwenye mashine. Siku hiyohiyo kadi ya mteja mwingine ikadai namba ya siri kwa soda tu. Mashine yetu ni mbovu?

Jibu: Mashine yenu ni nzima, na mara zote hizo ilifanya kazi yake.

Kadi inapogusishwa, chipu yake hutengeneza msimbo wa mara moja tu, ambao benki huuhakiki. Msimbo huo unathibitisha kwamba kadi ni halali. Hauthibitishi aliyeishika ni nani. Mwizi aliyeokota pochi Kariakoo atagusisha kadi ileile na msimbo utakuwa sahihi kabisa. Hapo ndipo kinapoingia kikomo cha kiasi kinachopita bila namba ya siri: ni hasara ambayo benki imekubali kuibeba kwa mguso mmoja, ili foleni yako isikwame kwa kila mkate. Ni uamuzi wa kibiashara zaidi kuliko wa kiufundi, ndiyo maana hutofautiana nchi kwa nchi. Uingereza walianza na pauni 10 mwaka 2007, na kufikia Oktoba 2021 walikuwa wameruhusu pauni 100. Kiasi kikizidi kikomo kilichopangwa ndani ya mashine, mashine hudai uthibitisho wa mwenye kadi: aingize namba ya siri, au achomeke kadi.

Sasa ile soda. Kikomo cha kila mguso peke yake hakitoshi, kwa sababu mwizi anaweza kugusisha vitu vidogo vidogo kutwa nzima. Kwa hiyo kuna pia hesabu ya miguso iliyofuatana bila namba ya siri, ambayo huwekwa kwenye chipu au kwenye mitambo ya benki. Ulaya, kwa mfano, sheria inaitaka benki ihesabu ama miguso 5 ama jumla ya yuro 150, kisha idai uthibitisho. Mteja wako inaelekea alikuwa amegusisha sehemu nyingine kabla ya kufika kwako, na soda ikaangukia zamu ya kuulizwa. Akishaingiza namba ya siri sawasawa, hesabu inaanza upya. Mwambie tu hivyo, maana wengi hudhani wanaibiwa.

Yule mgeni naye alithibitishwa, ila wewe hukuona. Kama simu yake ni aifoni, alibonyeza kitufe cha pembeni mara mbili akaitazama, au aliweka kidole, kabla hajaisogeza kwenye mashine. Simu ilipogusishwa ilipeleka namba mbadala ya kadi, msimbo wa mara moja, na taarifa kwamba mwenye simu ameshahakikiwa na simu yenyewe. Mashine iliyowekwa sawa inaipokea taarifa hiyo badala ya namba ya siri, ndiyo maana 240,000 ikapita. Alama ya kidole haikutoka kwenye simu. Haiji kwako, wala haiendi benki.

Simu za Androidi huwa na tofauti kidogo. Simu ikiwa imefunguliwa muda mfupi uliopita, inaweza isiulize tena. Ikiwa imekaa, mguso wa kwanza haukamiliki na kwenye skrini ya mashine unaweza kuona `SEE PHONE`. Hapa makeshia wengi hubonyeza kufuta na kuanza upya, jambo lisilo na haja. Mwombe mteja afungue simu kwa kidole au namba, kisha aguse tena. Malipo ni yaleyale, na mguso wa kwanza haukukata pesa.

Utakutana pia na mteja anayelalamika kwamba kidole chake kimekataliwa na simu inang'ang'ania namba ya kufungulia. Hutokea simu ikizimwa na kuwashwa, au kidole kikikosea mara kadhaa. Mikono yenye maji ya samaki ni tatizo la kila siku. Aingize namba yake, kidole kitafanya kazi baadaye. Na kama ameondoa kabisa kufuli la skrini, asishangae kadi zimetoweka kwenye simu. Bila kufuli, simu haina njia ya kumhakiki mtu, kwa hiyo huziondoa kadi zenyewe, na itabidi azisajili upya.

Kitu kimoja ukiangalie hapo kazini. Simu iliyokwisha kumhakiki mwenyewe ikikataliwa kwa kiasi kikubwa lakini ikapita kwa kiasi kidogo, na ikawa hivyo kwa simu za wateja mbalimbali, basi mashine imepangwa kuichukulia simu kama kadi ya kawaida. Hilo halirekebishwi kaunta. Mpigieni benki iliyowapa mashine, muwaambie kiasi kinachopita na kinachokataliwa, na mtunze risiti zote mbili, kwani baadhi ya mashine huandika humo kama uthibitisho ulifanywa na simu.