Kutoka ±e^C hadi A: soda baridi inavyoonyesha kama hatua ni halali

Soda imetoka kwenye friji ikiwa na nyuzi 6, imewekwa mezani Kariakoo, na hewa ina nyuzi 30. Joto lake T baada ya muda t hufuata mlinganyo wa Newton wa kupoa na kupata joto, ambapo k ni namba chanya isiyobadilika. Ukipeleka T upande mmoja na t upande wa pili, kisha ukaintigreti, unapata:

```
dT/dt = -k(T - 30)
ln|T - 30| = -kt + C
|T - 30| = e^C · e^(-kt)
T - 30 = ±e^C · e^(-kt)
```

Anayesahau alama za thamani kamili huumbuliwa na soda hii hii. Akiweka t = 0 anapata e^C = -24, na hakuna C halisi inayotoa namba hasi. Kwa chai ya nyuzi 90 asingegundua kitu, maana e^C = 60 inakubali. Ndiyo maana kosa hili hudumu: mifano mingi ya darasani ni ya vitu vya moto.

Sasa tunaandika A badala ya ±e^C. Tuna haki gani? C ikipita kwenye namba zote halisi, e^C hupita kwenye kila namba chanya, mara moja tu. Ukiongeza ±, unapata kila namba isipokuwa sifuri. Kwa hiyo A ni jina jipya la kundi lile lile la namba; hakuna jibu lililoongezwa wala lililopotea.

Lakini je, ± haiwezi kuwa + saa nne na − saa tano? Haiwezi. T hubadilika bila kuruka, kwa hiyo ili T - 30 igeuke kutoka hasi kuwa chanya lazima ipite sifuri, na e^C · e^(-kt) haifiki sifuri kamwe. Alama uliyoanza nayo ndiyo utakayomaliza nayo.

Imebaki A = 0, na hii haitoki kwenye e^C. Tuliipoteza wenyewe tulipogawanya kwa T - 30. Irudishe kwenye mlinganyo wa mwanzo: T = 30 daima, pande zote mbili ni sifuri, inakubali. Hapo tu ndipo unaruhusiwa kuandika T = 30 + A·e^(-kt) kwa A yoyote. Soda ina A = -24, chai A = 60, maji yaliyoanza na nyuzi 30 kamili A = 0.

Hoja ya kutoruka ina mpaka wake. Kwenye dy/dx = y/x tunapata y = Ax, ila mlinganyo wenyewe hauna maana x ikiwa 0. Kulia unaweza kuwa na y = 2x na kushoto y = -5x, na vyote viwili ni sahihi. Hapo kila upande una A yake.