Maswali na Majibu: Nyongeza Kaunta Bila Kumchosha Mnunuzi

Assalaam aleikum. Nina duka la rangi hapa Ngamiani, Tanga. Nilimwagiza kijana wangu wa kaunta amuulize kila mteja kama anataka kuongeza kitu. Sasa wateja wa zamani wanasema anawasumbua. Niache?

Waaleikum salaam. Usiache, bali badilisha swali lenyewe. Mteja anayeulizwa "huongezi kitu?" anatwishwa kazi ya kufikiria duka zima wakati mkono wake umeshafika mfukoni, na zaidi ya hapo anatambua kwamba muuzaji hakutazama hata alichokibeba. Kijana wako akitazama kwanza, swali litakuja lenyewe: kwa mwenye kopo la rangi ya mafuta na mikono mitupu, aseme, "Mjomba, tapentaini na brashi unavyo nyumbani?" Mteja akijibu kwamba anavyo, mazungumzo yaishie hapo, bila kurukia rola wala msasa.

Zingatia kwamba swali hilo linamfaa mnunuzi wa rangi ya mafuta peke yake. Rangi ya maji huzimuliwa kwa maji, na brashi yake huoshwa kwa maji. Mimi mwenyewe niliwahi kuuziwa chupa ya tapentaini pamoja na ndoo ya rangi ya maji, katika duka ambalo sitalitaja, na fundi wangu alipoiona alicheka mpaka akakaa chini. Fedha iliyopotea ilikuwa ndogo, lakini tangu siku hiyo kila ninachoshauriwa katika duka lile nakisikia kama mtego. Pendekezo lisilofaa huharibu hata yale yanayofaa yatakayofuata.

Ili ujue nini kiambatane na nini, weka daftari kaunta kwa mwezi mmoja na uandike kila mteja anayerudi siku hiyo hiyo au kesho yake kufuata kitu alichokisahau. Aliyetoka Muheza au Pangani akarudi kwa nauli yake kufuata brashi moja amekwisha kukuonyesha nyongeza ambayo hakuna atakayekasirika kutajiwa. Daftari hilo lina thamani kuliko orodha ya bidhaa zilizokudodea rafuni, ambazo wenye maduka wengi, niseme kweli, ndizo wanazowaambia vijana wao wazipigie debe.

Mteja akishaambiwa jumla na kuanza kulipa kwa simu, nikimtajia nyongeza anakunja uso. Wakati mzuri ni upi?

Ni kabla ya jumla kutajwa. Anayelipa kwa lipa namba huandika kiasi yeye mwenyewe, kisha namba yake ya siri. Ukimkatiza katikati, atalazimika kufuta na kuanza upya, au atalipa mara mbili na kukatwa ada mara mbili ikiwa muamala wake una ada. Anayelipa fedha taslimu naye ameshazihesabu noti akilini mwake. Jumla ikishatamkwa, mnunuzi huiona kuwa ni makubaliano yaliyokwisha, na chochote kitakachoipandisha kinaonekana kama bei imegeuzwa.

Kwa hiyo kijana aulize wakati anapanga vitu juu ya kaunta, ataje bei ya nyongeza papo hapo, "brashi ya inchi 3 ni shilingi 4,000", ndipo ajumlishe na kutamka jumla mara moja tu. Foleni ikizidi watu watatu, anyamaze kabisa, kwa sababu wanaosubiri nyuma nao wanalisikia swali na kulihesabu kuwa ni kucheleweshwa.

Nitajuaje kama mapendekezo haya yananiletea faida, au ni kelele tu? Brashi zinauzwa zaidi, hilo naliona.

Kuuzwa zaidi hakutoshi, kwa kuwa wapo ambao wangenunua brashi hata kama usingefungua mdomo. Unachotakiwa kupima ni tofauti. Kwa wiki mbili, siku moja pendekeza na siku inayofuata usipendekeze. Ukifungua siku zote saba, kila siku ya wiki itaangukia pande zote mbili, na hivyo Jumamosi yenye mafundi wengi haitaupendelea upande mmoja. Kila siku andika mambo mawili: wanunuzi wa rangi walikuwa wangapi, na wangapi kati yao waliondoka na brashi.

Tuchukue mfano wa kubuni. Katika siku za kunyamaza walikuja wanunuzi 60, na 12 wakachukua brashi. Katika siku za kupendekeza walikuja wengine 60, na 21 wakachukua brashi. Muuzaji aliyechangamka atasema ameuza brashi 21 kwa ulimi wake, lakini ulimi umeleta 9 tu. Kama faida ya brashi moja ni shilingi 1,500, pendekezo limeingiza shilingi 13,500.

Sasa geuza upande wa pili. Tuseme faida yako kwa ndoo ya rangi ni shilingi 9,000. Wateja wawili tu wakichoshwa na maswali wakahamia duka la jirani, umepoteza shilingi 18,000, na brashi zote tisa hazijalipa. Hasara hii haionekani kwenye droo ya fedha, kwa kuwa aliyehama haagi. Ndiyo maana nakushauri uhesabu pia vitu vinavyorudishwa, na uwatazame mafundi wako wa kila wiki: fundi aliyezoea kuja Jumatatu akikosekana mara tatu mfululizo, mpigie umuulize hali.

Watu 60 kila upande ni wachache, na bahati peke yake inaweza kuzisogeza namba mbili tatu. Ukiona tofauti ya brashi mbili, usiijengee uamuzi. Rudia zoezi hilo mwezi mwingine. Usiruke tu kutoka wiki moja hadi nyingine ukazilinganisha, kwani wiki ya mshahara na wiki ya katikati ya mwezi si wiki za aina moja.

Mteja ameshika rangi ya bei nafuu na yuko kaunta tayari. Je, nimshawishi achukue ile ya bei ya juu?

Kaunta umechelewa. Kumwongezea mtu brashi hakugusi uamuzi wake, lakini kumtaka abadilishe rangi ni kumwambia kwamba alichokichagua si kizuri, tena mbele za watu. Mazungumzo ya daraja la rangi mahali pake ni rafuni, na yaanze kwa kumuuliza anapaka wapi. Akisema ni ukuta wa nje unaotazama bahari huko Raskazoni, una sababu ya kweli ya kumwonyesha rangi ya nje, kwa kuwa jua, mvua na upepo wa chumvi huichosha mapema rangi ya ndani. Akisema ni chumba cha kulala, sababu hiyo haipo, na umwache na rangi aliyoichagua.

Kuna jambo moja ambalo kaunta haikatazi, nalo ni kumshusha. Mama mmoja anataka ndoo ya lita 20 kwa chumba cha mita 3 kwa 4, chenye kimo cha mita 3. Mzunguko wa kuta zake ni mita 14, mara 3 ni mita za mraba 42, na ukiondoa mlango na dirisha zinabaki kama 38. Mikono miwili ya rangi ni mita za mraba 76. Lita moja ya rangi ya maji ikifunika mita za mraba 10 kwa mkono mmoja kwenye ukuta uliokwisha kupakwa zamani, anahitaji lita 8 hivi, yaani galoni mbili za lita 4. Soma kwanza kopo lenyewe, kwani kila rangi ina kipimo chake, na ukuta mpya wa plasta hunywa zaidi. Ukimwambia mama huyo achukue galoni mbili badala ya ndoo, mauzo ya leo yamepungua, lakini ukimtajia rola baada ya hapo atakusikiliza.

Ninauza mikoba ya mkonge kwa tovuti, na baadhi ya wanunuzi wangu wako Ulaya. Fundi wa tovuti ameweka kisanduku cha ufungaji wa zawadi kikiwa na tiki tayari kwenye ukurasa wa malipo. Mapato yamepanda. Nikiache?

Kitoe leo. Mapato hayo yanatokana na watu ambao hawakuona tiki, si watu waliotaka zawadi ifungwe. Isitoshe, Umoja wa Ulaya unalo Agizo la 2011/83/EU, linalotumika tangu Juni 2014, na ibara yake ya 22 inasema kwamba malipo ya ziada yakipatikana kwa chaguo lililowekwa tayari, ambalo mnunuzi alipaswa kulikataa, basi ana haki ya kurudishiwa fedha hiyo. Ikiwa duka lako linawalenga wanunuzi wa huko, huwezi kusema halikuhusu kwa sababu mkonge umelimwa na kusukwa Tanga.

Kisanduku kibaki bila tiki, bei ikiwa imeandikwa pembeni yake, tena kiwe kwenye ukurasa wa kikapu. Ukurasa wa malipo uache mtupu: anwani, njia ya kulipa, jumla. Kila kiungo kinachompeleka mnunuzi kutazama bidhaa nyingine wakati ameshatoa kadi yake ni mlango wa kutokea.

Kama tovuti yako inatumia WooCommerce, fungua bidhaa, nenda `Product data`, kisha `Linked Products`. Utakachokiandika kwenye `Upsells` hutokea kwenye ukurasa wa bidhaa, na cha `Cross-sells` hutokea kwenye kikapu. Mkoba mkubwa zaidi uweke sehemu ya kwanza, na kipochi kidogo cha rangi ile ile sehemu ya pili. Weka kimoja, au viwili kwa wingi. Kwa mkoba wa shilingi 60,000, kipochi cha 12,000 hakimtishi mtu, lakini mkeka wa 90,000 unamfanya aanze kufikiri upya hata kuhusu mkoba wenyewe. Kisha tazama namba mbili kwa pamoja: waliochukua kipochi, na waliofika kikapuni wakaondoka bila kulipa. Ya kwanza ikipanda pamoja na ya pili, kipochi kinakugharimu mikoba.

Nikikosa chenji ya shilingi mia huwa nampa mteja pipi. Na hiyo si nyongeza?

Hapana, kwa sababu hakuulizwa. Muulize, "Bibi, sina mia, nikupe pipi au nikuandikie?" Na mfuko ni vivyo hivyo. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, wateja wamezoea kununua mfuko mbadala, na kinachowaudhi ni kukuta vitu vimeshafungwa ndani yake ndipo watajiwe bei.