Vitega uchumi vinne, mlipaji mmoja

Hapa kwetu Pemba, ukimwambia mtu asitegemee karafuu peke yake, atakujibu kwamba hata yeye hategemei. Shamba analo, ndiyo, lakini ana na duka, ana bodaboda, ana chumba cha kupangisha. Jamaa zangu huniita niwapigie hesabu za nyumbani, na mara nyingi nikimaliza naona kwamba vitu ni vingi ila mlipaji ni yuleyule.

Nichukue hesabu za ami yangu wa upande wa Konde, ambaye ameniruhusu kuzisema. Shamba lake ni eka tatu za mgao wa baada ya Mapinduzi. Msimu mzuri hupata kilo 300 za karafuu kavu. Tukiweka bei ya shilingi 14,000 kwa kilo, hiyo ni milioni 4.2, wachumaji hawajalipwa bado. Msimu mbaya shamba lilelile humpa kilo 60, yaani 840,000. Mkarafuu ndivyo ulivyo: ukishazaa sana unajipumzisha, na jirani zake wote wanajipumzisha nao. Bei inayotangazwa na ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu, inamkinga mkulima na misukosuko ya soko la dunia, na hilo si dogo kwa wanaokumbuka bei ilivyoporomoka miaka ya 1980, Indonesia ilipoanza kujitosheleza kwa karafuu zake. Lakini bei haiwezi kumlipa mtu kwa mti usiozaa.

"Basi si nina duka?" aliniambia ami. Nikamwomba daftari la madeni. Mstari baada ya mstari: jina, mchele kilo kumi, sukari, mafuta, na pale pa tarehe ya kulipa ameandika neno moja tu, "karafuu". Wateja wake nao ni wakulima, na ahadi yao ni kulipa zikishaanikwa na kuuzwa. Kwa hiyo msimu ukiharibika, ami hakosi karafuu zake tu, anakosa na za wenzake alizokwishawakopesha kwa sura ya mchele. Duka lilikuwa linamzidishia hatari, na yeye akilihesabu kama kinga. Bodaboda yake nayo hupata abiria wa maana wakati wa kupeleka wachumaji na magunia. Chumba alikuwa amempangisha mfanyabiashara wa nguo anayekuja kufuata fedha za msimu.

Ukitaka kujua hali yako, chukua karatasi, andika kila kipato unachopata, kisha mbele yake andika fedha hiyo inaanzia wapi. Usiishie kwa mteja; uliza mteja naye anaitoa wapi. Mwishowe ziba kwa kidole kila mstari unaorudi kwenye karafuu, uone kilichobaki kinalisha nyumba miezi mingapi. Kwa ami ilibaki fedha anayotuma binti yake, mwalimu Unguja. Basi.

Kosa ninaloliona zaidi liko kwenye matumizi ya fedha za msimu mzuri. Mtu akipata, ananunua shamba jingine la mikarafuu kijiji cha pili. Mvua ni ileile, maradhi ni yaleyale, mnunuzi ni yuleyule. Umbali kidogo husaidia, sikatai: kimbunga cha 1872 kiling'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo Pemba ndiyo ikawa kisiwa cha karafuu. Lakini baina ya Konde na Micheweni hakuna bahari.

Sikumshauri ami akate mti hata mmoja. Mkarafuu mchanga huchukua miaka sita hadi minane kabla ya kuanza kuzaa, na aliyerithi mikubwa ana mali. Tulichobadilisha ni njia ya fedha mpya. Kwenye mapengo ya miti iliyokufa amepanda miche, na baina yake migomba na muhogo, ambavyo vinauzwa sokoni mwaka mzima. Miche ikishatanda kivuli, migomba itadhoofika, hilo analijua. Sehemu ya fedha za msimu anaiweka kwenye akaunti ya mudharaba benki, kwa kuwa hataki riba. Faida yake ni ndogo, ila haingojei jua la kuanikia.

Mwani? Mkewe aliuwaza. Ni fedha ya mahali pengine kweli, lakini nao una wanunuzi wachache, na maji yakipata joto sana aina ya bei nzuri hufa. Wa kuongezea, sawa; wa kuhamia wote, hapana.

Dalili ya kuangalia ni hii: ukiona unakodisha mikarafuu yako kabla haijatoa hata vikonyo, ili upate ada za skuli, ujue akiba haipo na unauza msimu kwa bei ya mwenye haraka.

Daftari la duka ndilo lililotutesa zaidi, maana kumnyima mkopo jirani si jambo jepesi. Ami ameweka kikomo: deni lote la "karafuu" lisizidi robo ya bidhaa zilizomo dukani. Wawili wamenuna. Mmoja amehamia duka la pili, na deni lake ameliacha palepale.