Maswali na majibu: Dhamana ya benki si barua ya utambulisho

Zabuni inafungwa Ijumaa. Nimeomba dhamana ya zabuni, na benki inataka nisaini hati ya kufidia na izuie pesa zangu. Nina akaunti kwao miaka tisa, mbona hawaniamini?

Kila wiki napata swali hili, na kila mara zabuni inafungwa Ijumaa! Miaka tisa inaonyesha pesa zinapita kwenye akaunti, haionyeshi kwamba zitakuwepo siku ya kudaiwa. Ikishatoa dhamana, benki imejifunga kumlipa aliyetangaza zabuni, akidai, kwa pesa za benki yenyewe. Kwa benki huo ni mkopo ambao haujachukuliwa bado, na hati ya kufidia ndiyo inayokubana urudishe kila senti itakayolipwa. Usipokuwa na kikomo cha mkopo kilichoidhinishwa, mara nyingi itazuia kiasi chote.

Lakini kinachokukera sasa ni kidogo. Tuseme zabuni ni ya milioni 100 na dhamana ya zabuni ni asilimia 2: zimezuiwa milioni 2. Ukishinda, unadaiwa dhamana ya utekelezaji, tuseme asilimia 10, yaani milioni 10. Ukitaka malipo ya awali ya milioni 20, unayatolea dhamana ya milioni 20 nyingine. Asiyejipanga hukwama hapo, na akishindwa kuleta dhamana ya utekelezaji, aliyetangaza zabuni ana haki ya kudai zile milioni 2. Muulize ofisa wako wa mikopo kuhusu hizo milioni 30 kabla hujajaza bei.

Naweza kuwaandikia benki maneno ya dhamana?

Hapana. Peleka fomu iliyomo kwenye nyaraka za zabuni, ichapwe neno kwa neno. Hesabu na siku: zabuni ikidumu siku 90 na dhamana ikitakiwa kuzidi kwa siku 28, basi ni siku 118. Ikipungua siku moja, unaweza kuenguliwa kabla bei yako haijatathminiwa.

Mwenye jengo anataka dhamana ya kodi ya miezi sita isiyo na tarehe ya mwisho. Nikubali?

Usikubali. Kamisheni hutozwa muda wote dhamana inapoishi, mara nyingi kila robo mwaka, na pesa zako zinabaki zimefungwa hata ukiwa umeshahama. Andikisha tarehe, na mkirefusha mkataba, dhamana nayo irefushwe.

Soma pia sharti la kudai. Ikiandikwa "kwa dai la kwanza", barua ya mwenye jengo kwamba hujalipa inatosha. Benki itaangalia kama barua inalingana na masharti ya dhamana, basi. Risiti zako utampelekea yeye, au mahakama, pesa zikiwa zimeshatoka.

Nikikosa zabuni, kamisheni inarudi?

Hairudi. Kinachoachiwa ni pesa zilizozuiwa, na benki nyingi haziziachii mpaka muda uishe au urudishe hati yenyewe ya dhamana uliyomkabidhi aliyetangaza zabuni. Usisubiri upigiwe simu, ifuate mwenyewe.